Riba ya Muda Mfupi Ikipita ya Muda Mrefu: Kwa Nini Wachumi Huanza Kuogopa Mdororo?

Wateja wetu wengi siku hizi hawaachi pesa zikae tu kwenye simu. Wengine wanazituma kwenye mifuko ya MMF, wengine wananunua bili na bondi za serikali wakiwa pale pale walipo. Na swali tunaloulizwa sana ni moja: wapi kuna riba kubwa zaidi?

Ni swali zuri, lakini lina ndugu yake ambaye watu humsahau: riba hiyo ni ya muda gani? Leo tutazungumzia hilo swali la pili, kwa sababu ndilo lililo nyuma ya habari ambayo huenda umeisikia kwenye redio au kuiona mtandaoni: ati "mstari wa riba wa Marekani umepinduka" na kwa hivyo uchumi huenda ukadorora. Mstari gani huo? Umepindukaje? Na unajuaje mambo ya kesho?

Kwanza, mstari wenyewe

Serikali hukopa kwa muda tofauti tofauti. Hapa Kenya, Benki Kuu huuza kwa niaba ya serikali bili za hazina za siku 91, siku 182 na siku 364. Kisha kuna bondi za miaka miwili, mitano, kumi, hata zaidi ya ishirini. Marekani wanafanya vivyo hivyo, kuanzia mwezi mmoja hadi miaka 30.

Kila mkopo una riba yake. Sasa chukua karatasi. Kwenye mstari wa chini andika muda, kuanzia mfupi kushoto hadi mrefu kulia. Kwa kila muda weka alama kuonyesha riba yake, ya juu iwe juu na ya chini iwe chini. Unganisha alama hizo. Huo ndio mstari wa riba, basi.

Siku za kawaida mstari huu hupanda ukielekea kulia. Sababu yake unaijua hata kama hujawahi kununua bondi. Rafiki akikuomba umkopeshe hadi mwisho wa mwezi, hufikirii sana. Akikuomba umkopeshe hadi mwaka wa kumi kutoka leo, utataka zaidi, kwa sababu hapo katikati bei za vitu zinaweza kupanda, wewe mwenyewe unaweza kuhitaji pesa, na lolote linaweza kutokea. Kufungia pesa muda mrefu kuna malipo yake.

Mstari kupinduka ni pale mambo yanapogeuka: anayekopesha kwa miezi mitatu au miaka miwili analipwa zaidi ya anayekopesha kwa miaka kumi. Ukitazama haraka, haileti maana. Nani mwenye akili timamu atakubali riba ndogo halafu afungiwe muda mrefu?

Hesabu ya mtu anayekubali riba ndogo

Tuseme una shilingi 100,000. Hesabu hii tumeirahisisha, hatujakata kodi wala ada yoyote. Una njia mbili.

Njia ya kwanza ni mkopo wa mwaka mmoja kwa asilimia 16. Ukiisha, unachukua kila kitu unakikopesha tena mwaka mwingine, kwa riba yoyote itakayokuwepo siku hiyo. Njia ya pili ni mkopo wa miaka miwili kwa asilimia 14 kila mwaka, faida ikibaki ndani. Umefunga, hakuna kubadilishwa.

Mwaka wa kwanza ukiisha, aliyechagua njia ya kwanza ana 116,000 na wa njia ya pili ana 114,000. Wa kwanza anacheka.

Lakini tuseme katikati ya mwaka huo riba zimeanza kushuka. Wa kwanza akirudi kukopesha zile 116,000, anakuta riba ni asilimia 10. Mwisho wa mwaka wa pili atakuwa na 127,600. Yule wa njia ya pili bado anapata 14 yake, na anamaliza na 129,960. Aliyekubali riba ndogo ndiye amepata pesa nyingi.

Ukipiga hesabu, mpaka uko karibu asilimia 12. Riba ya mwaka wa pili ikiwa juu ya hapo, njia ya kwanza inashinda. Ikishuka chini ya hapo, njia ya pili inashinda. Kwa hivyo mtu anayechagua njia ya pili si mjinga. Anaamini tu kwamba riba zitashuka, na zitashuka sana.

Jambo hili si la vitabuni pekee. Katikati ya 2024, bili ya siku 91 ya Kenya ilikuwa inalipa karibu asilimia 16. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeshuka chini ya 9. Kila siku 91, aliyekuwa akirudi kununua bili ile ile alikuta riba imepungua tena. Wenye pesa MMF waliona vivyo hivyo, kwa sababu mifuko hiyo huweka sehemu kubwa ya pesa kwenye mikopo ya muda mfupi. Waliokuwa wamefunga bondi ndefu kabla ya hapo waliendelea kulipwa riba yao ya zamani.

Kwa hivyo mstari unapinduliwa na nani?

Kuna mikono miwili. Mmoja unasukuma upande wa kushoto juu, mwingine unavuta upande wa kulia chini.

Mkono wa kushoto ni wa benki kuu. Bei za vitu zikipanda sana, benki kuu hupandisha riba yake ya msingi ili mikopo iwe ghali na watu wapunguze kununua. Riba za muda mfupi huifuata karibu hatua kwa hatua.

Mkono wa kulia ni wa wanunuzi wa bondi wenyewe: benki, mifuko ya pensheni, kampuni za bima. Hawa wakiona mikopo imekuwa ghali, wanajiuliza itaishia wapi. Wakiamini kwamba biashara zitaumia, watu watakosa kazi na benki kuu italazimika kushusha riba, wanafanya kama yule wa njia ya pili: wanakimbilia bondi ndefu wafunge riba ya leo kabla haijapotea.

Na wakikimbilia, riba ya bondi hizo inashuka. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo twende polepole. Bondi ya shilingi 100,000 inayolipa 5,000 kila mwaka inakupa asilimia 5. Wanunuzi wakiwa wengi, bei yake sokoni inapanda, tuseme hadi 110,000. Malipo hayajabadilika, ni 5,000 ile ile, lakini sasa umeinunua kwa 110,000. Ukigawanya unapata kama asilimia 4.5. Na siku bondi inapoiva utarudishiwa 100,000 tu, kwa hivyo faida yako halisi ni chini zaidi ya hapo. Bei ikipanda, riba inashuka. Zinakwenda kama ubao wa kubembea wa watoto.

Sasa unaona kwa nini mstari uliopinduka unaitwa onyo. Ni jumla ya dau la watu wengi, wanaotumia pesa zao wenyewe, kwamba riba za kesho zitakuwa chini. Na mara nyingi benki kuu hushusha riba kwa haraka pale uchumi unapoumia.

Kuna jambo lingine pia. Benki hukopa muda mfupi na kukopesha muda mrefu: pesa zako za akiba unaweza kuzitoa leo, lakini mkopo wa nyumba unalipwa miaka 20. Kile kinachobaki katikati ndiyo faida yao. Mstari ukipinduka, faida hiyo inabanwa, na benki huanza kuwa wagumu kutoa mikopo. Hapo mstari hauonyeshi tu shida, unaweza kuchangia kuileta.

Marekani, 2004 hadi 2007

Hebu tuone jinsi ilivyokwenda mara moja, kwa tarehe.

Juni 2004, riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa asilimia 1. Walianza kuipandisha, robo asilimia kila kikao, mara 17 mfululizo. Juni 2006 ilikuwa imefika 5.25. Riba za muda mfupi zikapanda nayo. Lakini bondi ya miaka kumi haikufuata sana. Katikati ya 2006 mstari ukapinduka, na mwanzoni mwa 2007 bili ya miezi mitatu ilikuwa inalipa zaidi ya asilimia 5 huku bondi ya miaka kumi ikilipa takriban 4.7.

Onyo hilo halikuwa geni. Campbell Harvey, katika utafiti wake wa shahada ya uzamifu huko Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 1986, alikuwa ameonyesha kwamba umbo la mstari huu lina habari kuhusu ukuaji wa uchumi ujao. Miaka kumi baadaye Arturo Estrella na Frederic Mishkin, wakiwa tawi la Benki Kuu ya Marekani la New York, walitumia pengo kati ya miezi mitatu na miaka kumi kukadiria uwezekano wa mdororo.

Hata hivyo, wengi walisema safari hii ni tofauti. Ben Bernanke, aliyekuwa ameanza tu kuongoza Benki Kuu hiyo, alieleza kwenye hotuba Machi 2006 kwamba hakuona mstari ule kama dalili ya uchumi kupungua kasi kwa kiwango kikubwa. Hoja yake haikuwa ya ovyo. Pesa nyingi kutoka nchi nyingine zilikuwa zinanunua bondi za Marekani, na hizo peke yake zingeweza kuvuta riba ndefu chini.

Kisha angalia kilichofuata. Kufikia katikati ya 2007 mstari ulikuwa umeanza kunyooka tena. Mtu angeweza kupumua na kusema hatari imepita. Septemba Benki Kuu ikaanza kushusha riba. Desemba 2007 mdororo ukaanza, na ukadumu hadi Juni 2009.

Kuna mafunzo mawili hapo. Onyo lilikuja zaidi ya mwaka mmoja kabla, kwa hivyo halikuambii siku wala mwezi. La pili, mstari kunyooka si lazima iwe habari njema. Ukinyooka kwa sababu riba fupi zinaporomoka, huenda benki kuu imeanza kuona shida yenyewe.

Mara ambazo onyo lilikosea

Tungekuwa tunakudanganya tukiishia hapo. Mwaka wa 1966 mstari wa Marekani ulipinduka. Uchumi ukapunguza kasi mwaka uliofuata lakini haukuingia kwenye mdororo.

Na kuna hii ya juzi. Kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sufuri hadi kati ya 5.25 na 5.50 kufikia Julai 2023. Bondi ya miaka miwili ilianza kulipa zaidi ya ile ya miaka kumi Julai 2022, na ikabaki hivyo zaidi ya miaka miwili. Mwanzoni mwa Julai 2023, ile ya miaka miwili ilikuwa karibu asilimia 4.9 na ya miaka kumi karibu 3.9. Pengo kubwa kama hilo halikuwa limeonekana tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Watu wengi walisubiri mdororo. Hakuna uliotangazwa katika miaka hiyo miwili, wala mstari uliponyooka 2024.

Kwa nini? Sababu moja inayotajwa sana ni kwamba Wamarekani wengi wenye nyumba walikuwa wamefunga mikopo yao kwa riba ndogo sana miaka ya 2020 na 2021. Riba zilipopanda, malipo yao ya kila mwezi hayakubadilika, kwa hivyo waliendelea kununua vitu. Sababu ya pili ni serikali kuendelea kutumia pesa nyingi. Ya tatu ni ya mstari wenyewe: riba hushuka pia mfumuko wa bei unapotulia. Wanunuzi wa bondi walitarajia riba zishuke, na kweli zilianza kushuka Septemba 2024. Dau lao lilikuwa sawa. Tafsiri ya kwamba lazima mdororo uje ndiyo iliyokosea.

Hapo ndipo mpaka wa onyo hili ulipo. Mstari unakuambia watu wenye pesa wanatarajia riba gani. Haukuambii sababu yao.

Umbo moja, ujumbe tofauti: bondi ya Kenya ya 2024

Mfano wa nyumbani unaonyesha hilo vizuri kabisa. Juni 2014 Kenya ilikopa nje kwa bondi za dola, mojawapo ikiwa ya miaka kumi yenye riba ya asilimia 6.875. Hiyo ya miaka kumi ilifika dola bilioni 2, na ilitakiwa kulipwa Juni 2024.

Mwaka wa 2023, muda wa kulipa ukikaribia, bondi hiyo fupi ilikuwa inadaiwa riba ya juu sokoni kuliko bondi za Kenya zinazoiva miaka mingi baadaye. Ukichora, utapata mstari uliopinduka. Je, wanunuzi walikuwa wanatabiri mdororo Kenya? Hapana. Walikuwa na hofu moja yenye tarehe: je, dola za kulipa Juni zitapatikana? Aliyekuwa na bondi hiyo aliiuza kwa bei ya chini, na tumeshaona kwamba bei ikishuka riba inapanda.

Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa bondi mpya, kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10, ikanunua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Hofu ikatulia. Shilingi, iliyokuwa imefika karibu 160 kwa dola mwezi wa kwanza, ikarudi hadi karibu 130. Deni likalipwa. Uchumi wa Kenya mwaka huo ulikua kwa asilimia 4.7: kasi ilipungua, lakini mdororo haukuwepo.

Kwa hivyo ukisikia mstari wa nchi fulani umepinduka, uliza kwanza: hawa wanaogopa nini? Nchi inayokopa kwa pesa yake yenyewe, kama Marekani, hofu huwa ni uchumi na riba za kesho. Nchi inayodaiwa dola, hofu inaweza kuwa kulipwa kwenyewe.

Hii inanihusu vipi?

Kuna njia mbili ambazo jambo hili hufika kwenye simu yako.

Ya kwanza ni pesa kutoka nje. Marekani ndiko zinakotoka pesa nyingi zaidi ambazo Wakenya walio ng'ambo hutuma nyumbani. Ndugu akipoteza kazi huko, wewe unajua kabla ya mchumi yeyote. Wakati wa mdororo ule wa 2007 hadi 2009, pesa zilizotumwa Kenya zilikuwa takriban dola milioni 610 mwaka wa 2008, na karibu kiasi hicho hicho 2009. Hazikuporomoka, lakini ziliacha kukua. Kama karo ya mtoto inategemea mtu mmoja aliye huko, habari ya mstari kupinduka ni sababu ya kuongea naye mapema kuhusu muhula ujao. Si sababu ya kuuza ng'ombe.

Ya pili ni akiba yako hapa. Kila wiki Benki Kuu ya Kenya hutangaza riba za bili za siku 91, 182 na 364. Ukiziangalia kwa mpangilio huo utaona kipande kidogo cha mwanzo cha mstari wetu. Zikiwa zinapanda kutoka kushoto kwenda kulia, hali ni ya kawaida. Ile ya siku 91 ikiwa sawa na ya 364 au kuizidi, jua kwamba kuna wanaotarajia riba zishuke. Kumbuka ni kipande tu. Umbo kamili linahitaji bondi ndefu pia, na mnada mmoja hautoshi, kwa hivyo angalia wiki kadhaa.

Hapo ndipo turudi kwenye swali la mwanzo. Riba ya asilimia 16 kwa siku 91 ni ahadi ya siku 91 pekee. Kama pesa hizo ni za karo ya Januari, muda mfupi unakufaa na hakuna haja ya kufukuzana na bondi, kwa sababu ukilazimika kuiuza kabla haijaiva unaweza kupata chini ya ulichoweka. Kama ni pesa ambazo hutazigusa miaka mitano, basi usilinganishe riba ya leo na ya leo. Chukua kalamu, piga ile hesabu ya njia mbili, utafute mpaka wako uko asilimia ngapi, kisha ujiulize kama unaamini riba zitabaki juu ya hapo.